Dada Anauliza Udalali Unalipia Nini

Dada yangu mkubwa hajawahi kununua kitu bila kukihoji kwanza. Kwa muuza nyama anauliza kama mfupa nao umo kwenye kilo. Kwa daktari wa meno aliuliza jino likishang'oka ni mali ya nani. Na yule bwana aliyekuja kumposa, mtu mzima na suti yake, Dada alimtazama mbele ya wajomba zetu akamwuliza, "Ukikasirika, unalala wapi?" Bwana akasema hilo atakwenda kulifikiria. Mpaka leo analifikiria.

Kazi yake ni kufua mashuka kwenye nyumba ya wageni. Mikono yake imechakaa kwa sabuni, vidole vimekunjamana hata siku ambazo hajagusa maji. Mtaani wanamwita Bi Swali, naye anaitika. Mimi ndiye mdogo wake, kitinda mimba, na mtaa mzima unajua hasira zangu ziko karibu. Yeye akiuliza swali moja, mimi nimeshachoka mawili. Tumeishi hivyo chumba kimoja pamoja na mama, ghorofa ya tatu, nyumba ya ngazi nyembamba zisizo na pa kushika.

Kwenye ngazi hizo ndipo mama alipoteleza akavunjika nyonga.

Hospitali wakamfunga, wakamlaza, mfupa ukaanza kushika. Ndipo siku moja muuguzi akatuita pembeni akatuambia mgonjwa wetu atatoka Alhamisi, kitanda kinahitajika. Daktari akaongeza lake: atembee na fremu ya chuma, polepole, na ngazi marufuku. Tukarudi wodini kumpa mama habari huku tunachekacheka, maana hatukujua la kufanya na nyuso zetu. Mama si mtu wa kudanganywa. Akatutazama, akasema, "Mkinipandisha kule juu, siku nyingine ya kushuka nitashuka nimefunikwa."

Basi tukaanza kutafuta chumba cha chini.

Hela tulikuwa nazo, lakini za kuhesabika kwa jicho moja. Dada alikuwa na akiba, mimi nikauza cherehani yangu, kaka yetu akatuma alichotuma. Zilitosha kodi ya miezi sita, kwa sababu wenye nyumba wengi wa siku hizi hawataki kusikia pungufu ya hapo, na zilitosha udalali mmoja, yaani kodi ya mwezi mmoja ya kumpa dalali. Udalali mmoja tu. Ukipotea huo, hakuna wa pili.

Dalali tuliyeelekezwa alikuwa anakaa kwenye benchi nje ya duka la kutoa fotokopi. Jina lake la mtaani Simu Mbili, kwa sababu alikuwa nazo mbili na akizungumza na moja nyingine nayo inalia. Mtu mwembamba, shati limepigwa pasi, viatu vimekwisha upande wa nje kama vya watu wanaotembea sana. Kabla hajainuka alitaka hela ya kuonyeshwa.

"Huo ndio udalali?" Dada akauliza.

"Hapana, dada. Hiyo ndogo, ni ya miguu yangu. Unatoa sasa, na chumba usipokipenda hairudi."

"Na nikikipenda, inakatwa kwenye udalali?"

Simu Mbili akamtazama kwa mara ya kwanza. "Haikatwi. Ya miguu ni ya miguu."

Dada akatoa bila kinyongo. Hivyo ndivyo alivyo. Akijibiwa vizuri analipa vizuri.

Chumba kile, jamani, nilikipenda kabla sijaingia. Nyumba ya chini, uani pasafi, kizingiti kifupi hata mtoto anayetambaa angekivuka. Aliyekuwa akikaa humo ni mwalimu, amehamishwa kazi, naye alikuwa katikati ya kufunga vitabu kwenye maboksi. Dada alimwomba radhi, akaenda moja kwa moja kwenye choo. Choo kilikuwa ndani. Akaupima mlango wake kwa kanga, pale alipofunga fundo jana yake hospitali kulingana na upana wa ile fremu. Kanga ikapita, ikabaki nafasi ya vidole. Nikaona mabega ya dada yangu yameshuka, na mimi nikaanza kutazama mlangoni kama kuna mwingine anakuja. Ukishakiona unachokitaka ndipo hofu ya kukikosa inapoanza.

Mama mwenye nyumba alikuwa uani anaanika nguo, mwanamke mnene, mpole wa sura na mkavu wa maneno. Tukamwamkia. Simu Mbili hakupoteza muda.

"Dada, chumba hiki hakilali. Kuna mtu mwingine anakuja kukiona jioni. Nipe udalali wangu, tumalize."

Mimi mkono wangu ulikuwa tayari kwenye mkoba. Dada akauweka wake juu ya wangu.

"Kaka yangu, usinielewe vibaya. Hiyo hela yako ya udalali inalipia nini?"

"Inalipia nini vipi? Ni udalali."

"Ndiyo. Inalipia nini?"

Nikamfinya kiunoni. Akavumilia.

Simu Mbili akahesabu kwa vidole, sauti imeanza kupanda. Anatafuta chumba. Anakuleta. Anakukutanisha na mwenye nyumba. Anasimama kati yenu mnapopatana bei. Siku ya mkataba anakuwepo kama shahidi. Umeme na maji havimo. Kodi haimo. Kupaka rangi hakumo.

"Ahsante," Dada akasema. "Na unalipwa lini?"

"Kwa kawaida siku ya mkataba, ukipewa ufunguo. Lakini hiki chumba ni cha moto. Nipe sasa, au nipe nusu, nikuzuilie."

"Kwa hiyo nikikulipa leo, unaweza kukizuia?"

Simu zote mbili zikanyamaza, sijui kwa nini. Yule bwana akamtupia jicho mama mwenye nyumba, na mama mwenye nyumba, kibanio cha nguo mdomoni, akacheka.

"Azuie kwa lipi? Chumba chake?" Akatoa kibanio. "Sikilizeni, wanangu. Huyu analeta watu, analeta watu wazuri, namshukuru. Kuzuia ni kwangu. Na mimi sizuii. Mwaka juzi nilichukua kodi ya mtu, mpangaji wa ndani akakataa kutoka, hela nimeshaitumia. Nilitukanwa nikiwa kwangu. Tangu hapo sichukui hata shilingi mpaka ufunguo urudi mkononi mwangu. Mwalimu anatoka Alhamisi. Atakayekuwepo na kodi kamili, tunaandikiana, anaingia."

"Hata kishika chumba kidogo?" Dada akajaribu.

"Hata kidogo."

Dada akamgeukia Simu Mbili, kwa upole kabisa. "Basi kaka, udalali wako upo, sitauruka. Nitakulipa Alhamisi, ufunguo ukiwa mkononi."

"Shauri yako," Simu Mbili akasema. "Mtu mwingine hataniuliza maswali."

Tulipofika nyumbani, tukiwa tunapanda zile ngazi, nikalipuka. Nilimwambia yeye na maswali yake ndio wamemfukuza mume, na sasa watamfungia mama ghorofani. Nilimwambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Nilimwambia kwamba dalali akishakula hela yako anakuwa mtu wako, na asipokula anakuwa mtu wa mwingine, hata mtoto mdogo anajua.

Alikaa kwenye ngazi, pale pale mama alipoangukia. "Unadhani siogopi?" akasema. "Tungempa leo, halafu mwalimu asitoke. Au yule mama abadilishe mawazo. Tungemfuata nani? Na tungelipa nini dalali wa pili?"

Nikampita pale alipokaa, nikapanda zangu juu na hasira zangu. Siku zilizofuata simu haikunitoka mkononi. Kila simu ikilia nilijua ni habari ya chumba kwenda. Dada naye alikuwa anafua mashuka yale yale mara mbili, mwenzake wa kazini ndiye aliyeniambia.

Alhamisi tukagawana. Dada aende hospitali kumtoa mama, hela ikiwa kifuani pake, maana kuna malipo ya mwisho ya dawa na hakutaka kuigawa gawa. Mimi nikakae uani kwa mama mwenye nyumba nisibanduke. Nilifika mwalimu bado anafagia. Nikamsaidia kutoa maboksi, si kwa wema, nilitaka atoke. Kila boksi moja lililotoka lilikuwa pumzi moja kwangu.

Nikapiga simu hospitali. Dada akapokea akinong'ona. "Dirisha la malipo limefungwa. Anayetia muhuri karatasi za kutoka amekwenda kunywa chai."

"Muulize atarudi lini!"

"Nimeuliza," akasema. Kama kuna swali ambalo Dada alishaliuliza, ni hilo.

Nikiwa nimesimama na simu sikioni, nikasikia magurudumu ya mkokoteni. Kijana mmoja, mwoka mikate, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko, anasukuma godoro, jiko na meza. Nyuma yake, Simu Mbili, shati limepigwa pasi.

"Mama, nimekuletea mpangaji," Simu Mbili akasema kwa mwenye nyumba. Mimi akanipita kana kwamba ni nguzo ya kamba.

Wakati huo huo mwalimu akatoka, akaufunga mlango, akampa mama mwenye nyumba ufunguo na mkono wa kwaheri. Ndiyo saa yenyewe. Ufunguo umerudi, mwenye hela aingie, na hela yetu iko kwenye foleni ya muhuri.

"Kodi kamili?" mama mwenye nyumba akamwuliza mwoka mikate.

Akatoa bahasha. "Miezi mitano, mama. Wa sita nakuletea mwisho wa mwezi, nikilipwa. Wa sita ndio niliompa huyu," akamwonyesha Simu Mbili kwa kidevu.

Mama mwenye nyumba akaipima bahasha kwa macho. Nilimwona anaanza kulegea. Mtu yupo, godoro lipo, hela nyingi ipo. Na mimi nipo na simu tu.

"Mshike huyu, mama," Simu Mbili akasema. "Aliye mkononi ndiye wako. Hao wengine ni wa kuuliza uliza."

Nilitaka kumtukana. Matusi nilikuwa nayo, yamejipanga mdomoni tayari, na mengine ya kutungwa hapo hapo. Nikafungua mdomo, na kilichotoka, sijui kilipitia wapi, kilikuwa swali.

"Kaka," nikamwambia mwoka mikate, "hela uliyompa huyu bwana, alikwambia inalipia nini?"

Mwoka mikate akashangaa. "Kuzuia chumba. Kaniambia nikimlipa siku ile ile jioni, chumba kimeshakuwa changu, mwenyewe ameshakubali. Nimeshamwachia mwenye nyumba wangu wa zamani ufunguo asubuhi hii."

Mama mwenye nyumba aliweka mikono kiunoni. Polepole, yote miwili.

"Nani amekubali?"

Simu Mbili akaanza kutafuta simu ya kupokea.

"Nakuuliza wewe. Nilikwambia mbele ya hawa mabinti, chumba hakizuiwi. Ukaondoka hapa ukaenda kumwuzia mwenzako kizuizi cha chumba changu? Kesho huyu akinitukana mimi, nitasema nini?"

"Mama, biashara..."

"Biashara yako ni kuleta watu. Hilo la kuzuia umelitoa wapi?" Akautia ufunguo kifuani. "Sasa haingii mtu kwa kuwa yupo. Nilisema kodi kamili, na ni kamili. Kijana, una wa sita?"

Mwoka mikate akatikisa kichwa. Akamgeukia Simu Mbili, na unga mikononi mwake ukaonekana ghafla kama si kitu cha kuchekesha. "Nirudishie yangu, nimpe mama."

Na hapo ndipo nilipoelewa kwamba hofu yetu sote uani pale ilikuwa moja. Simu Mbili alikaa kwenye ukingo wa mkokoteni, akazima simu zote mbili. "Sinayo," akasema. "Na mimi ni mpangaji. Mwenye nyumba wangu alikuwa mlangoni anadai kodi. Nilijua chumba nitakupa, basi nikatanguliza."

Dalali wa vyumba, na chumba chake mwenyewe kinamshinda. Nilitaka kufurahi nikashindwa. Mwoka mikate naye alisimama amekunja ngumi, hajui aikunjue au aitumie.

Ndipo teksi ikasimama nje. Dada akateremka kwanza, jasho linamtoka, kanga imekaa upande. Hakuuliza kuna nini. Aliniangalia usoni, akaangalia godoro, akaingiza mkono kifuani akatoa bahasha.

"Mama, kodi ya miezi sita. Tafadhali hesabu."

Mama mwenye nyumba akahesabu, akarudia. Mkataba ulikuwa tayari, nakala mbili. Dada akausoma wote, mstari kwa mstari, pale pale amesimama, nami kwa mara ya kwanza maishani nikamwacha asome. Akauliza bili ya maji ya mwalimu kama imelipwa. Imelipwa. Akauliza akitaka kutoka atoe taarifa mapema kiasi gani. Akajibiwa. Akatia sahihi, mama mwenye nyumba akatia, na mwisho wakamsukumia kalamu Simu Mbili, maana ndiye shahidi, na kwa kweli ndiye aliyetuleta. Akaandika.

Ufunguo ukaingia mkononi mwa Dada. Akaugeuza kwenye kitasa mara moja, kuona kama unafungua. Unafungua. Ndipo akatoa bahasha ya pili.

"Udalali wako, kaka. Nilisema ufunguo ukiwa mkononi."

Simu Mbili akaitazama kama mtu anayeonyeshwa maji na kukatazwa kunywa. Nilidhani ataitia mfukoni akimbie. Mwoka mikate alidhani hivyo pia, maana alisogea hatua. Simu Mbili akaipokea, akashukuru, na bila kuifungua akaigeuza ikaenda upande wa pili.

"Hii yako," akamwambia mwoka mikate. "Hukuingia, kwa hiyo sikukufanyia kazi."

Mwoka mikate akaihesabu huku unga unadondokea noti. Imetimia. Lakini godoro lake bado liko njiani na jua limeshaanza kushuka. Akalitazama, akatutazama. Mtu akilalamika unajua la kumjibu. Yule hakulalamika.

"Una ugomvi na ngazi?" Dada akamwuliza.

"Mimi?"

"Nauliza. Kuna watu ngazi zinawashinda."

"Mimi nabeba magunia ya unga, dada."

"Basi ghorofa ya tatu kwetu kuna chumba tunakihama leo. Mwenye nyumba bado hajampata mtu. Kodi anachukua ya miezi mitatu." Akamgeukia Simu Mbili. "Mpeleke wewe. Umzungumzie. Akipewa ufunguo, ndipo akulipe. Si kabla."

Nikataka kusema kwamba hiyo kazi tungeifanya wenyewe bure, kwa nini anufaike huyu. Dada akanifinya kiunoni. Finyo lile lilikuwa deni la siku ile tuliyoonyeshwa chumba.

Simu Mbili akainuka, akajipangusa suruali. "Nitakulipisha nusu tu," akamwambia mwoka mikate, haya imemkaa machoni. "Na ya miguu sitaki."

Wakati huo mama yetu alikuwa bado amekaa ndani ya teksi, mlango wazi, fremu yake mapajani, anatusikiliza sote. Dereva alishaanza kunung'unika. Nikamshika mama mkono mmoja, na kabla Dada hajafika upande wa pili, Simu Mbili alikuwa ameshamshika kwapani, taratibu, kama mtu aliyewahi kuuguza. Tukavuka uani hatua moja moja, fremu mbele yake. Mama hakuwa amekanyaga ardhi tangu siku ile ya ngazi. Alitazama miguu yake, akatazama kizingiti, akasimama.

Nikadhani nyonga imemkatalia.

Mama akamgeukia yule mwanamume. "Mwanangu," akasema, "hii ya kunishika mkono imo kwenye udalali, au inalipwa mbali?"

Simu Mbili akamtazama mama, akamtazama Dada. Akaona maswali ya Dada yametoka tumbo lipi.

"Haimo, mama," akasema. "Hii haimo."

"Aa," mama akasema. "Nilitaka kujua." Akanyanyua fremu, akaiweka ndani, akavuka.

Nikasimama nje nikalia, mbele ya mwoka mikate na godoro lake, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.